Konyagi kwa Soda: Kwa Nini Gesi Huharakisha Ulevi, na Ufanye Nini

Kati ya Juni na Agosti, jua likishazama, baridi ya Shume haina mzaha. Mkulima aliyeshinda akipakia kabichi na karoti kwenye lori la Dar es Salaam anapokea fedha zake, anakaa kwenye benchi la baa na kuagiza Konyagi na soda ya tangawizi. Tangu asubuhi tumboni mwake mna chai na andazi tu. Nusu saa baadaye anasimama kwenda kujisaidia, na magoti hayamtii. Anashangaa, kwa sababu wiki iliyopita alikunywa kiasi hicho hicho nyumbani, amechanganya na maji baada ya chakula cha usiku, na akalala salama. Wenzake wanamwambia Konyagi ya leo ni kali.

Konyagi ni ileile, asilimia 35 ya kilevi, iwe imenunuliwa Shume au Tanga mjini. Kilichobadilika ni mwendo wa kilevi kutoka tumboni kwenda kwenye damu. Soda haikuongeza hata tone la kilevi, lakini ilikifikisha mapema. Ukielewa njia hiyo utajua pa kushika breki, maana karibu kila kitu kinaamuliwa ndani ya nusu saa ya kwanza.

Watu wengi hudhani pombe huingia kwenye damu ikiwa bado kwenye tumbo la chakula, yaani ule mfuko wenyewe. Huingia kidogo tu hapo. Ukuta wa tumbo ni mnene na eneo lake ni dogo. Sehemu kubwa hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, ambao ngozi yake ya ndani ina mikunjo mingi na damu nyingi inayopita karibu. Kati ya tumbo na utumbo huo kuna mlango wa msuli unaofunguka na kufunga, na kazi yake inafanana na geti la ushuru wa mazao barabarani: kila kitu kinasimama kwanza, kisha kinaruhusiwa kidogo kidogo. Ukila ugali na maharage, mlango huo unabana mpaka chakula kisagike kiwe uji, na pombe uliyoinywa inasubiri humo humo. Tumbo likiwa tupu, kimiminika hakina cha kukizuia. Kwa hiyo ukitaka kujua utalewa kwa kasi gani, jiulize kwanza mlango huo umefunguka kiasi gani.

Gesi ya soda ni hewa ukaa iliyolazimishwa kuyeyuka ndani ya maji kwa shinikizo. Chupa ya mililita 350 iliyofungwa vizuri imebeba zaidi ya lita moja ya gesi. Ukiifungua, sehemu inatoka kwa kishindo, sehemu inapotea kwenye glasi, na inayobaki unaimeza. Tumboni kuna joto la nyuzi 37, na hewa ukaa haipendi kukaa kwenye maji ya moto. Inatoka na kulijaza tumbo. Nyingine utaicheua. Ile isiyocheuliwa inalitanua tumbo na kuusukuma ukuta wake, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba msukumo huo huharakisha kufunguka kwa mlango wa chini, hivyo mchanganyiko wa soda na kilevi unashuka kwenye utumbo mwembamba kabla ya wakati wake.

Hapa ndipo Shume inapotofautiana na Tanga au Dar es Salaam, na jambo hili ni nadra kulisikia likisemwa. Hewa ukaa hukaa vizuri zaidi kwenye maji ya baridi. Soda iliyokaa juani Mombo ukiifungua inafoka, na gesi nyingi inakwenda hewani kabla hujaimeza. Soda ya rafuni Shume mwezi wa Julai ni ya baridi bila friji. Inafunguka kwa utulivu, inaonekana haina makeke, na kwa sababu hiyo hiyo unameza gesi nyingi zaidi. Tena Shume iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo gesi ile ile ikitoka kwenye kimiminika inachukua nafasi kubwa zaidi. Hiyo ni hoja ya fizikia, lakini ni sababu ya kutosha ya kutoidharau soda iliyotulia kwenye glasi.

Kuhusu gesi na kasi ya ulevi, watu wamepimwa. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, waliwapa watu wachache glasi mbili za shampeni. Siku moja ilikuwa na gesi yake, siku nyingine ilikuwa imepigwapigwa mpaka mapovu yakaisha. Kilevi kilikuwa sawa. Baada ya dakika 5 waliokunywa yenye gesi walikuwa na wastani wa miligramu 54 za kilevi katika kila mililita 100 za damu, na waliokunywa iliyotolewa gesi walikuwa na 39. Baada ya dakika 40 ilikuwa 70 kwa 58. Kundi lilikuwa dogo, na watafiti hao walirudia kwa watu zaidi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003, mwelekeo ukiwa ule ule.

Jaribio linaloikaribia zaidi Konyagi yetu ni la Manchester, lililochapishwa mwaka 2007. Watu 21 walikunywa vodka kwa njia tatu: kavu, kwa maji ya kawaida, na kwa maji yenye gesi. Kati yao, 14 walifyonza kilevi haraka zaidi kilipochanganywa na maji ya gesi kuliko kilipochanganywa na maji ya kawaida. Saba waliobaki hawakuonyesha tofauti hiyo, au ilikuwa kinyume. Uishike sana namba hii ya saba. Rafiki yako akikuambia yeye soda haimfanyi chochote, huenda anasema kweli juu ya tumbo lake, lakini hasemi juu ya lako, na hakuna namna ya kujua uko kundi gani kwa kutazamana usoni.

Jaribio hilo lilionyesha jambo jingine linalowashangaza wanywaji: karibu wote walifyonza vodka iliyochanganywa haraka kuliko vodka kavu. Pombe kali isiyochanganywa inaliudhi tumbo, na mlango wa chini unabana kujikinga. Ukiipunguza makali hadi asilimia 10 au 20 hivi, inapita kwa ulaini. Hiyo si sababu ya kunywa kavu, maana Konyagi kavu inaunguza koo na tumbo na inamalizika upesi. Ni sababu ya kutodanganywa na ladha. Mchanganyiko mtamu usiochoma ndio unaosafiri vizuri kwenda kwenye damu, na gesi inauongezea kasi.

Na bia je, si ina gesi pia? Inayo, lakini kilevi chake ni kama asilimia 5 tu, hivyo unahitaji ujazo mkubwa na muda kuufikia ulevi uleule. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwapa wanaume 15 wenye njaa kiasi sawa cha kilevi kwa dakika 20, siku tofauti, kwa bia, kwa mvinyo na kwa vodka iliyochanganywa na toniki. Vodka kwa toniki ilifika kilele baada ya dakika 36, wastani wa miligramu 77. Bia ilichukua dakika 62 na kilele chake kilikuwa 50. Kilevi ni kilekile kwa uzito, watu ni walewale. Ukibadilisha vodka kuwa Konyagi, umeipata meza yako ya Jumamosi.

Sasa tupige hesabu ya marafiki wawili wanaogawana chupa ndogo ya Konyagi ya mililita 200 siku ya gulio. Kila mmoja anapata mililita 100, ambazo kwa asilimia 35 zina mililita 35 za kilevi, sawa na gramu 28 hivi. Tuseme mmoja ni mwanamume wa kilo 60. Kilevi hakiendi kwenye mafuta na mifupa, kinaenea kwenye maji ya mwili, na kwa makadirio ya kawaida mwanamume huyu ana kama kilo 41 za sehemu hiyo. Gramu 28 zikisambaa humo zote kwa mkupuo, damu yake ingefika karibu miligramu 68 kwa mililita 100. Mwenzake akiwa mwanamke wa uzito uleule, sehemu yake ya maji ni ndogo, kama kilo 33, na kiasi kilekile kingemfikisha karibu 85. Sheria yetu ya usalama barabarani inaweka mpaka wa dereva kwenye miligramu 80, na uamuzi na macho huanza kuharibika mapema kabla ya hapo.

Lakini kilevi hakiingii chote kwa mkupuo, na hapo ndipo mwendo unapokuwa na maana. Ini linaondoa kama miligramu 15 kwa saa, na haliharakishwi. Yule mwanamume akila kwanza makande ya kushiba, akanywa fungu lake kwa maji ndani ya saa mbili, ini limekwisha kuondoa kama 30 wakati kilevi kinaendelea kuingia. Kilele chake kinaweza kubaki karibu na 40 au chini yake. Akinywa na njaa, kwa soda ya gesi, ndani ya dakika 20, karibu chote kimeingia kabla ini halijaondoa hata 10. Kilele chake kinakaribia 60, na mwenzake anaisogelea 75. Toti moja ya kuongezea inamvusha mwanamke huyo mpaka wa sheria. Hizi ni hesabu za makadirio, miili inatofautiana, ila pengo kati ya jioni hizo mbili ndilo ninalotaka ulione, na limetoka kwenye chupa moja.

Ubongo nao unahisi zaidi kilevi kinapopanda kuliko kinaposhuka. Mtu aliyefika 50 kwa dakika 20 anayumba zaidi kuliko aliyefika hapo taratibu.

Ufanye nini basi? La kwanza, na lina nguvu kuliko mengine yote, ni kula kabla, na kula chakula kigumu. Ugali na mboga yenye mafuta, makande, viazi na nyama, vyote vinaufunga ule mlango kwa saa moja au mbili. Karanga za kutafuna wakati unakunywa zinasaidia kidogo lakini hazichukui nafasi ya sahani. Supu peke yake nayo ni kimiminika, inapita. Na ukila baada ya glasi mbili za soda na Konyagi, umechelewa kwa zile glasi mbili. Dada wa baa anayemuuliza mteja, "Kaka, umeshakula?" kabla ya kufungua chupa anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani.

La pili ni kuchagua cha kuchanganyia. Maji ya kawaida hayana gesi. Juisi ya pesheni au ya plamu, matunda ambayo Lushoto hayana uhaba, haina gesi na ina sukari, na sukari huchelewesha tumbo kumwaga. Hapo ndipo soda zisizo na sukari zinapokuwa za kuangaliwa kwa jicho kali. Mwaka 2006 huko Adelaide, Australia, wanaume wanane walikunywa vodka kwa kinywaji cha machungwa chenye sukari, na siku nyingine kwa kinywaji hicho hicho chenye utamu wa bandia. Cha utamu wa bandia kilitoka tumboni nusu yake kwa dakika 21, cha sukari kwa dakika 36. Kilele cha kilevi kwenye damu kilikuwa 53 kwa 34. Anayejihesabia sukari kwa sababu ya kisukari au uzito, akaomba soda isiyo na sukari kuchanganyia, aelewe anapata gesi bila kile kinachoizuia, na apunguze toti kabla hajaanza. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana wa bodaboda wanavipenda, vina tatizo zaidi: gesi inaharakisha, na kafeini inaficha usingizi na kumfanya mlevi ajione mzima. Sivishauri kabisa kwenye glasi moja na pombe.

Kama lazima iwe soda, itoe gesi. Imimine kwenye jagi pana, ipige kwa kipekecho au uma mpaka povu likome, uiache dakika kadhaa na uipige tena. Kwenye baridi ya Shume inachukua muda mrefu zaidi kuliko Tanga, kwa hiyo iweke kwanza jagi jikoni, karibu na moto. Utajua imekwisha ukiionja na ulimi haupati ule mchonyoto. Kuitikisa glasi kwa mkono mara mbili hakutoshi, bado kuna gesi nyingi ambayo itatokea tumboni.

La tatu ni kupima. Konyagi inayomiminwa kwa jicho kwenye glasi ya bati haijulikani ni kiasi gani. Toti ya mililita 30 ni kipimo, hata kifuniko chochote ulichokipima nyumbani kwa bomba la sindano ni kipimo. Ukishamaliza ya kwanza, ngoja nusu saa kabla ya pili. Utaona kwamba glasi yenye gesi inafikia ubongo ndani ya muda huo, na unaweza kuamua ukiwa na taarifa. Anayeagiza ya pili na ya tatu kabla ya ya kwanza kufika anaamua kwa kutojua.

Sherehe za harusi zina mtego wake, na kwa kuwa ni furaha ya watu wengi napenda nizisemee kidogo. Utaratibu wa ukumbini unajulikana: maharusi wanaingia, keki inakatwa, shampeni inafunguliwa kwa shangwe, glasi zinagonganishwa, na chakula kinakuja baadaye sana. Wageni wamesafiri tangu asubuhi, mabibi na shangazi wamepanda kutoka Mlalo na Rangwi bila kula. Wanapewa kinywaji chenye gesi kwenye tumbo tupu, hali inayofanana sana na ile waliyoipima Surrey. Wengine hawajui hata kama chupa hiyo ina kilevi, kwa sababu zipo za aina mbili na zote zina foili shingoni na zote zinapiga kishindo. Kamati inaweza kuamua mambo mawili bila kuharibu shughuli: vitafunio vigumu vitangulie kabla ya kugonganisha glasi, na mshereheshaji atangaze wazi chupa zipi zina kilevi na zipi hazina, ili Muislamu, mjamzito, anayekunywa dawa na dereva wa basi wajue wanachopokea.

Kuna imani mbili zinazorudi kila ninapozungumza na watu kuhusu jambo hili. Moja inasema soda inakata pombe, kwa hiyo mtu aliyelewa anapewa soda ya baridi. Kama bado kuna pombe tumboni, gesi inaweza kuisukuma ishuke upesi. Ikiwa imeshaingia kwenye damu, soda haina uwezo wa kuitoa, na kahawa, maziwa mgando au maji ya limao havina pia. Kinachobaki ni ini na saa zake. Aliyefika miligramu 60 saa mbili usiku anahitaji kama saa nne kushuka hadi sifuri. Imani ya pili ni kwamba pombe inaleta joto. Inafungua mishipa ya ngozini, damu ya moto inakuja juu na unajisikia vizuri, huku joto la ndani likipotea. Kwa Shume ya usiku, ambako mtu anaweza kuketi kando ya njia "apumzike kidogo" akielekea nyumbani, hilo limebeba hatari ya kweli.

Kwa hiyo panga safari yako kabla ya glasi ya kwanza. Barabara ya kushuka Lushoto kupitia Magamba ina kona na ukungu, na dereva wa pikipiki aliyekunywa nawe kwa soda hiyo hiyo yuko kwenye kilele chake wakati uleule na wewe. Kama mlikunywa haraka, kuondoka baada ya nusu saa ni kuondoka wakati mbaya kuliko wote. Lala kwa ndugu, au mpate anayeendesha ambaye hakugusa.

Mwenzako akilewa ghafla baada ya glasi chache za gesi, usidhani ameshamaliza kulewa. Kilevi kinaweza kuwa bado kinapanda. Mwingize ndani, mfunike, mlaze ubavu goti moja likiwa limekunjwa mbele ili akitapika asipaliwe, na mtu mmoja abaki naye. Mwite na umbane bega. Kama haamki, kama anapumua kwa kusitasita, mara chache kuliko nane kwa dakika, au midomo inabadilika rangi kuwa ya bluu, usimpe kitu chochote mdomoni na usimwogeshe maji ya baridi. Tafuta gari, siyo pikipiki, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, na ukifika waambie alikunywa nini, kiasi gani, amechanganya na nini, na alianza saa ngapi.